Chumvi inapandaje kupita kwenye mawe mazito, na mafuta yananasaje pembeni yake

"Shikamoo mwalimu. Nasoma jiolojia mwaka wa pili. Tumefundishwa chumvi inapanda toka chini kwa sababu ni nyepesi, na pembeni yake ndo mafuta yanakaa. Mi sielewi jiwe gumu linapandaje kupita kwenye mawe mengine. Na kama mafuta yako pembeni ya chumvi, mbona watu wanachoronga hapohapo pembeni wanakuta maji matupu?"

Marahaba mdogo wangu. Hilo la wepesi ni kweli lakini ni nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndo inayojibu mpaka swali lako la mwisho, kwahiyo twende taratibu.

Anza na uzito. Chumvi ya mawe ina kama kilo 2,160 kwa kila mita moja ya ujazo, na uzito huo haubadiliki, uikute mita 200 chini au kilomita 5 chini ni ileile, kwa sababu chumvi haina vitundu ndani yake vya kubanwa. Tope na mchanga ni habari nyingine kabisa. Tope likishatua tu chini ya bahari limejaa maji, lina kama kilo 1,800 hivi, yaani ni jepesi kuliko chumvi. Likifukiwa na tope jingine juu yake maji yanakamuliwa, chembe zinasogeleana, na ukifika kama kilomita moja au moja na nusu chini linakuwa sawa na chumvi, ukiendelea chini zaidi linaipita, kwenye kilomita 3 unakuta kilo 2,400 na kuendelea. Kwahiyo mashapo yanazidi kuwa mazito huku chumvi iliyoko chini yake imebaki na uzito wake uleule wa siku ya kwanza.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteleza. Wanaona mashapo ya chini yameshakuwa mazito kuliko chumvi wanasema basi, chumvi inaanza safari ya kwenda juu. Hapana, ili chumvi ifike juu kabisa kwa nguvu ya uzito peke yake, inabidi wastani wa mashapo yote kuanzia juu mpaka chini uwe umeizidi chumvi. Piga hesabu mwenyewe. Chukua mashapo ya unene wa mita 1,000, wastani wake tuseme kilo 2,000. Zidisha upate mzigo, halafu gawa kwa 2,160, unapata mita 926. Maana yake mzigo huo unaweza kusimamisha nguzo ya chumvi ya mita 926 tu, kwahiyo hata ungetoboa tundu mpaka kwenye chumvi, chumvi ingepanda ikasimama mita 74 kabla ya kufika juu. Sasa chukua mita 3,000 zenye wastani wa 2,250. Hesabu ileile inakupa mita 3,125, hapo chumvi inaweza kutoka mpaka nje na ikasimama mita 125 juu ya ardhi. Tofauti ya hizo hesabu mbili ndo tofauti ya chumvi iliyolala na chumvi inayosukuma.

Lakini angalia tatizo lililopo. Ukisubiri mpaka mashapo yafike kilomita 3 ndo chumvi ianze kupanda, tayari juu yake kuna paa la mawe la kilomita 3 lililoshikamana, na nguvu ya wepesi wa chumvi ni ndogo sana kulipasua paa kama hilo. Ndo maana hoja yako ya jiwe linapitaje kwenye mawe ni hoja ya msingi, na wataalamu wenyewe walihangaika nayo miaka mingi.

Jibu ni kwamba chumvi haisubiri, inaanza mapema na kinachoianzisha ni mzigo usio sawa. Umewahi kutembea pekupeku kwenye jaruba la mpunga? Unakanyaga, tope linapanda katikati ya vidole. Hilo tope halijapanda kwa sababu ni jepesi kuliko mguu wako, limepanda kwa sababu umelikandamiza sehemu moja na sehemu nyingine umeiacha wazi. Mto unapomwaga mchanga baharini haumwagi sawasawa, delta inakuwa nene huku na nyembamba kule, basi chumvi iliyo chini inakimbia kutoka penye mzigo mzito kwenda penye mzigo mwepesi, na pale inapokusanyika inavimba. Njia nyingine ni ardhi kuvutwa, tabaka za juu zinapasuka na kuachana kidogo, paa linakuwa jembamba pale penye ufa na chumvi inajaa hapohapo. Kwenye njia zote mbili chumvi imepata mahali pa kwenda bila kulazimika kulipasua paa nene.

Kuhusu ugumu wa jiwe. Ukiipiga nyundo chumvi inavunjika kama jiwe lolote, sawa. Ila ukiibana polepole, tena ikiwa na joto kidogo na unyevunyevu mdogo sana katikati ya punje zake, inatiririka. Punje zinayeyuka upande unaobanwa na kujijenga upande usiobanwa, jiwe zima linajongea bila kupasuka. Kwenye milima ya Zagros kule Iran chumvi inatoka kwenye mlima na kuteremka bondeni kama uji mzito uliofurika sufuria, unaona mikunjo yake kabisa, na mvua ikinyesha inajongea haraka zaidi. Mimi mwenyewe niliamini siku niliyoona kwenye rigi moja niliyofanyia kazi. Tulichoronga tukapita kwenye chumvi, kazi ikasimama kwa muda kwa ajili ya matengenezo, tuliporudi bomba haliendi juu haliendi chini. Tundu tulilolitoboa sisi wenyewe lilikuwa limejifunga, chumvi imesogea kutoka pembeni ikalikumbatia bomba. Ilibidi tupampu maji baridi yasiyo na chumvi kidogokidogo yaiyeyushe pale ilipobana ndo bomba likaachia. Sasa kama chumvi inaweza kusogea kiasi hicho katika muda mfupi hivyo, fikiria ipewe miaka milioni 50.

Haya, sasa tuje kwenye lile neno "kupita". Mwaka 1933 mjiolojia mmoja wa Marekani, Donald Barton, aliandika jambo kuhusu makuba ya chumvi, yaani hizo chumvi zilizovimba na kupanda, ya pwani ya Ghuba ya Meksiko ambalo likachukua miaka mingi kuzoeleka. Alisema tunaangalia kinyumenyume. Kichwa cha chumvi hakijasafiri kutoka kilomita nyingi chini kikitoboa mawe, kichwa kimekuwa karibu na juu muda wote, kilichosafiri ni mashapo ya pembeni ambayo yamekuwa yakizama. Yaani chumvi ikishafika karibu na sakafu ya bahari mapema kabisa, kila mwaka tope linatua kuizunguka, linakuwa zito, linazama likiikamua chumvi ya chini, chumvi iliyokamuliwa inapanda kwenye nguzo, na kichwa kinabaki palepale karibu na juu. Baada ya miaka milioni mia moja una nguzo ya chumvi ndefu ya kilomita kadhaa iliyozungukwa na mashapo mazito kuliko yenyewe, na mtu anayeona picha ya mwisho tu anadhani chumvi imechoma kama msumari.

Ushahidi wa hili uko kwenye tabaka zenyewe. Fuata tabaka moja la mchanga kutoka mbali ukisogea kwenye kuba. Mbali liko tambarare na ni nene, ukikaribia linaanza kuinuka na wakati huohuo linakuwa jembamba, mpaka linapogusa chumvi limebaki unene mdogo au limeisha kabisa kabla ya kufika. Kama chumvi ingekuwa imetoboa baadaye, tabaka lingekuwa na unene uleule mpaka ukutani halafu limeraruliwa. Wembamba unaonyesha kwamba mchanga ule ulipokuwa unatua, pale palikuwa tayari pana kilima. Na kila tabaka jipya linapotua juu, la chini linaendelea kuzama upande wa nje huku upande wa chumvi umeshikiliwa, ndo maana kadiri unavyoenda chini mteremko unazidi kuwa mkali. Shika hilo la mteremko, tutalirudia.

Inasimama lini? Chumvi ya chini ikiisha. Mashapo ya pembeni yanazama mpaka yanakaa juu ya mwamba uliokuwa chini ya chumvi, bomba la kuilisha nguzo limekatika, basi kuba linaanza kufukiwa kama kitu kingine chochote.

Sasa mafuta, na mfano wa kuangalia ni mmoja tu, Spindletop, karibu na mji wa Beaumont, Texas. Pwani yote ile ina tabaka la chumvi iliyotokana na bahari iliyokauka kama miaka milioni 170 iliyopita, wanaiita chumvi ya Louann, na juu yake mito imemwaga kilomita nyingi za mashapo. Pale Beaumont kulikuwa na kijilima kwenye tambarare, kimo chake mita 4 na ushee tu, ila kina gesi inayotoka ardhini na maji yenye harufu ya yai viza. Pattillo Higgins, mwenyeji wa pale, alishikilia miaka mingi kwamba chini kuna mafuta, akaja kuungana na Anthony Lucas, injinia aliyezaliwa upande wa Dalmatia ambaye alishafanya kazi kwenye chumvi kule Luiziana na alikuwa anajua vijilima vya namna hiyo vina chumvi chini. Tarehe 10 Januari 1901, kwenye kina cha mita zisizofika 350, kisima kililipuka, mafuta yakaruka juu kuliko mnara wa rigi na kukadiriwa mapipa kama 100,000 kwa siku, ikachukua siku 9 kukifunga.

Yale mafuta hayakuwa pembeni ya chumvi, yalikuwa juu kichwani. Hapa inabidi nikueleze kofia. Kichwa cha chumvi kinapokaa karibu na juu kinakutana na maji ya ardhini, maji yanaiyeyusha chumvi na kuondoka nayo, lakini ndani ya chumvi kulikuwa na uchafu kidogo wa anhidraiti, yaani jasi isiyo na maji, ambayo haiyeyuki kirahisi. Inabaki, inarundikana, inashikamana kuwa jiwe juu ya chumvi kama ukoko. Halafu mafuta na gesi vikifika pale bakteria wanavila pamoja na ile anhidraiti, wanaacha chokaa na gesi ya yai viza, na gesi hiyo ikipata nafasi inageuka kuwa salfa ya njano. Ile chokaa inakuwa na matundu na mapango, na mapango hayo ndo yalijaa mafuta ya Spindletop. Kama unajua Oman, kwenye jangwa la katikati kuna makuba ya chumvi yaliyotokeza mpaka juu ya ardhi, moja linaitwa Qarat Kibrit na jingine Qarat al Milh. Kibrit ni salfa, ndo kibiriti chetu hichohicho, na milh ni chumvi, kwahiyo Waarabu wa pale walishaandika jiolojia yote kwenye majina ya vilima.

Kofia ni ndogo lakini. Watu walichimba visima mamia juu ya kile kijilima, rigi zimebanana mpaka miguu yake inagusana, mwaka 1902 wakatoa mapipa zaidi ya milioni 17, na kufikia mwanzoni mwa 1904 kilima kizima kikawa kinatoa kama mapipa 10,000 tu kwa siku. Presha ilikuwa imekwisha. Watu wakahama, wengi wakiamini mafuta yameisha. Kumbe yalikuwepo mengine, tena mengi zaidi, ila yako ubavuni na chini zaidi. Novemba 1925 kampuni ya Yount-Lee ikachoronga ubavuni na kuyapata, kwenye kina zaidi ya mara mbili ya kile cha 1901, na mwaka 1927 uwanja uleule uliokuwa umesahauliwa ukatoa mapipa milioni 21, kuliko mwaka wowote wa ile fujo ya mwanzo.

Miaka 24 imepita katikati, na watu walikuwa wamesimama juu ya mafuta hayo. Kwanini hawakuyaona? Hapa ndo jibu la swali lako la maji.

Mafuta yanapotengenezwa mbali kwenye matope ya chini yanaingia kwenye tabaka la mchanga lililojaa maji na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji yanapanda kufuata mteremko wa hilo tabaka. Tabaka limeinuka kuelekea kwenye chumvi, kwahiyo mafuta yote ya upande huo yanaelekea kwenye ukuta wa chumvi. Yakifika, chumvi haina vitundu, haipitishi kitu, na ikitokea ufa inatiririka na kuuziba, juu ya mchanga kuna udongo wa mfinyanzi nao umeziba, basi yamenasa kwenye ile kona. Mtego mzuri kabisa. Ila kumbuka mteremko nilikwambia ni mkali. Tuseme mafuta yaliyonasa yana kimo cha mita 100 kutoka juu kabisa mpaka pale maji yanapoanza. Kama tabaka limelala kwa nyuzi 5, mafuta hayo yametanda mita 1,140 kwa upana, hata ukikosea kidogo unayapata. Kama limeinuka kwa nyuzi 60, upana ni mita 58. Mita 58 tu! Ni utepe mwembamba uliozunguka kuba. Jirani akichoronga mita 200 kutoka ukutani akalikuta tabaka lilelile, atalikuta mita 346 chini ya ile kona, yaani mita 246 ndani ya maji, na akiogopa maji akasogea mno upande wa kuba, anaingia kwenye chumvi kabla hajafikia mchanga. Watu wa mwanzo wakichoronga wakagusa chumvi walikuwa wanaacha, wakichoronga mbali wanapata maji wanaacha, utepe uko katikati.

Na hata utepe wenyewe hauendi mzima kuzunguka kuba. Chumvi ikisukuma inapasua tabaka za juu na za ubavuni kama unavyoona maandazi yanavyopasuka kikaangoni, zile nyufa zinaugawa utepe vipandevipande kama keki, kipande kimoja kimejaa, cha jirani kina maji kwa sababu mchanga wake uliisha kabla ya kufika ukutani au ufa wake umevuja. Wakati nao una neno. Mafuta yakishapita kabla kona haijajengeka hayarudi nyuma, kwahiyo kuba lililochelewa kuinuka linaweza kuwa na umbo zuri sana kwenye ramani na lisiwe na kitu.

Kuna na lile la ukuta kutokuwa wima. Chumvi ikifika karibu na juu ikapata nafasi inatanuka pembeni kama uyoga, kwahiyo ukichoronga unaingia chumvi, unaendelea, halafu unatoka tena kwenye mchanga chini ya ukingo wa uyoga, na mchanga huo unaweza kuwa na mafuta. Zamani ilikuwa "tumegusa chumvi, funga kazi". Siku hizi tunapita, ila na tope la kuchorongea lililokolezwa chumvi, manake maji matamu yanayeyusha kuta na tundu linakuwa pango, na kesingi, yaani bomba la chuma la kushikilia kuta za tundu, inabidi iwe nene, la sivyo chumvi inaibonyeza kama kopo.

Kuliona kuba lenyewe ndo kazi rahisi. Chumvi ni nyepesi kuliko mashapo mazito ya pembeni, kwahiyo mvutano wa ardhi juu yake unapungua kidogo, na mwaka 1924 kuba la Nash kule Texas lilipatikana kwa kupima mvutano huo kwa mizani ya Eötvös bila kuchimba chochote. Kazi ngumu ni kuujua ukuta uko wapi hasa. Mawimbi ya seismiki, yaani mitetemo tunayoipiga kutoka juu ya ardhi, yanakwenda kama mita 4,500 kwa sekunde ndani ya chumvi na polepole zaidi kwenye mashapo, yanapinda yakiingia na kutoka, kwahiyo picha ya pale karibu na ukuta, pale hasa unapoutafuta utepe wa mita 58, ndo inakuwa na ukungu kuliko sehemu zote. Njia mojawapo ni kushusha vipokezi kwenye kisima ambacho tayari kipo, unapiga mawimbi juu, unapima yalichukua muda gani, na kutokana na muda huo unahesabu ni mita ngapi za njia zilikuwa chumvi. Ukikosea kasi ya chumvi kwa asilimia chache tu ukuta unahama kwenye ramani.

Kwa hapa kwetu, bonde la Mandawa kule Lindi lina chumvi nene chini, visima vya miaka ya 1950 viliikuta, na jasi inayochimbwa upande wa Kilwa inatokana na bahari zilizokauka namna hiyohiyo. Ukipata mchoro wa seismiki wa pale wakati wa mradi wako, usianze na chumvi. Anza na tabaka moja la pembeni, lifuate ukipima unene wake kila hatua ukisogea kwenye chumvi, uone linaanza kuwa jembamba wapi na la juu yake linaanza wapi. Ukishapata hizo sehemu mbili utajua kilima kilianza kuinuka mchanga gani ulipokuwa unatua, na hapo ndo unaweza kuuliza kama mafuta yalikuwa yameshaanza kutembea au bado.